Umande Usihesabiwe Kuwa Moshi: Jinsi Kihisi cha Hewa Kinavyosahihishwa Kampala

Kihisi cha bei nafuu cha kupima hewa, kikitundikwa kwenye nguzo ya mtaa wenye pilikapilika kama Bwaise, Kampala, hukosea kwa namna mbili ndani ya siku moja, na makosa hayo yanakwenda pande tofauti. Alfajiri, hewa ikiwa imelowa, kinatia chumvi. Mchana wa kiangazi, malori yakitifua vumbi jekundu, kinaona kidogo kuliko kilichopo. Anayechukua wastani wa siku nzima anaweza kupata namba yenye sura nzuri kabisa, kumbe uongo mmoja umefunika mwingine.

Kampala inafaa kwa uchambuzi huu kwa sababu kazi imefanyika pale kwa muda mrefu. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere ulianza mwaka 2015, ukatengeneza kifaa chake wenyewe kiitwacho Binos: kisanduku kinachotumia umeme wa jua, kinachotuma data kwa mtandao wa simu, na chenye vihisi viwili vya chembechembe ndani yake badala ya kimoja. Kwa nini viwili, nitaeleza baadaye. Kwanza tuone kihisi chenyewe kinaona nini.

Kihisi kinachotumika sana katika vifaa vya namna hii ni PMS5003. Ni kijisanduku kinachoenea kwenye kiganja. Feni ndogo huvuta hewa, hewa hupita mbele ya mwali wa leza, na kila chembe inayopita hutawanya mwanga kidogo unaonaswa na kipokea mwanga. Kompyuta ndogo iliyomo ndani hugeuza mwanga huo kuwa mikrogramu kwa mita ya ujazo. Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote: kihisi hakijapima uzito wowote. Kimepima mwanga, kisha kimekisia uzito.

Unyevunyevu unaivuruga hesabu hiyo moja kwa moja. Chembe nyingi za moshi wa magari, makaa na taka zinazochomwa zina chumvichumvi na viambata vinavyonyonya maji. Unyevunyevu ukipanda kupita asilimia 70 au 80, chembe ya namna hiyo huvimba. Uchafu wake ni ule ule, ila sasa imevaa koti la maji, na koti hilo linatawanya mwanga. Kihisi kinalihesabu kama uchafu.

Fomula inayotumika sana kuondoa koti hilo ilipata umaarufu kupitia utafiti wa Leigh Crilley na wenzake uliochapishwa mwaka 2018, wakifanya kazi Birmingham, Uingereza. Kwa lugha ya kompyuta ni mistari mitatu tu:

```
def sahihisha(pm, rh, k):
    aw = min(rh, 90) / 100
    return pm / (1 + (k / 1.65) / (1 / aw - 1))
```

Hapo `pm` ni namba ghafi ya kihisi, `rh` ni asilimia ya unyevunyevu, na 1.65 ni msongamano unaokadiriwa wa chembe kavu. Herufi `k` ndiyo inayobeba mzigo: inaeleza chembe za mahali fulani zina kiu kiasi gani. Birmingham walipata karibu 0.4. Chumvi ya bahari ina kiu kubwa zaidi ya hapo, na moshi mbichi wa kuni na makaa una kiu ndogo sana. Kwa hiyo kuichukua 0.4 ya Uingereza na kuipachika Kampala, mji ambao moshi wa jikoni na wa taka ni sehemu kubwa ya uchafu wake, ni kusahihisha kupita kiasi.

Thamani ya `k` ya mahali hupatikanaje? Inahitaji mtambo rejea, ambao kwa Kampala ni BAM. Mtambo huu hukusanya chembe kwenye utepe wa kichujio, kisha hupitisha miale ya beta inayotoka kwenye kaboni-14. Kadiri utepe ulivyobeba uchafu mwingi, ndivyo miale inavyopungua upande wa pili, na upungufu huo unatoa uzito. La muhimu kwetu ni kwamba bomba lake la kuingizia hewa lina kipasha joto kinachoikausha hewa kabla haijafika kwenye utepe. BAM hupima chembe iliyokwisha kuvua koti.

Sasa tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme kifaa chetu kimekaa kando ya BAM, bomba kwa bomba, kimo kimoja, kwa wiki kadhaa zenye mvua na zenye jua. Tunachukua wastani wa kila saa. Tunaanza na saa kavu tu, zenye unyevunyevu chini ya asilimia 60, na tunaona kifaa kinasoma mara 1.4 ya BAM. Hilo si kosa la maji, ni tabia ya kihisi yenyewe dhidi ya moshi wa pale. Kisha tunakwenda kwenye saa zenye asilimia 88 hivi, na uwiano unakuwa 2.3. Tukigawa 2.3 kwa 1.4 tunapata takriban 1.64: hicho ndicho maji yalichoongeza. Kuirudisha fomula nyuma kunatupa `k` ya 0.14 hivi.

Tofauti inayoletwa na namba hiyo si ndogo. Asubuhi moja kifaa kikisoma 110 kwenye unyevunyevu wa asilimia 90, `k` yetu ya 0.14, pamoja na kugawa kwa 1.4, inatupa takriban mikrogramu 45. Tungetumia 0.4 ya Birmingham tungepata 25. Mkazi anayeuliza kama mtoto mwenye pumu atoke nje asubuhi hiyo angepewa majibu mawili yasiyofanana kabisa kutoka kwa kifaa kimoja.

Angalia pia ule mpaka wa 90 katika mistari ya juu. Haukuwekwa kwa mapambo. Kwa `k` ya 0.4, kigawanyo kikiwa kwenye asilimia 90 ni 3.2, kwenye 95 ni 5.6, kwenye 97 ni karibu 9. Kihisi cha unyevunyevu cha bei ya kawaida hukosea asilimia mbili tatu bila mtu kujua, na huko juu asilimia mbili zinaweza kulipunguza jibu kwa zaidi ya theluthi. Ukungu ukitanda, matone yenyewe huanza kuhesabiwa kama chembe na hakuna fomula itakayoyatenganisha. Saa zilizovuka 90 mimi ningeziwekea alama ya shaka waziwazi kwa msomaji, hata kama fomula imetoa namba.

Na unyevunyevu wenyewe unapimwa wapi? Ndani ya kisanduku chenye betri na saketi zinazotoa joto, hewa huwa kavu kuliko ya nje. Kisanduku kikipigwa na jua, tofauti inazidi. Hilo halina madhara makubwa ikiwa `k` ilitafutwa kwa kutumia kihisi kile kile, ndani ya kisanduku kile kile. Madhara huja pale mtu anapotafuta `k` kwa unyevunyevu wa kisanduku, kisha kazi ya kila siku akaifanya kwa unyevunyevu wa kituo cha hali ya hewa.

Kuna hitilafu nyingine inayopoteza wiki nzima za kazi, nayo ni saa. Kifaa hutuma data kwa muda wa UTC, BAM imewekwa muda wa Uganda, saa tatu mbele. Tena kuna mitambo inayoandika saa ilipoanza na mingine ilipoisha. Namna ya kugundua ni rahisi: sogeza mfululizo mmoja saa moja moja, mbele na nyuma, na kila mara pima jinsi ile mifululizo miwili inavyokwenda pamoja. Kilele kikiangukia kwenye tatu badala ya sifuri, usiguse fomula yoyote kabla hujarekebisha saa.

AirQo wenyewe hawakuishia kwenye fomula ya `k`. Walifundisha modeli ya kompyuta kwa data za vifaa vilivyokaa kando ya BAM, wakiipa namba za vihisi viwili, joto na unyevunyevu. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2022, kosa la PM2.5 lilishuka kutoka mikrogramu 18.6 hadi 7.2. Ni mafanikio ya kweli. Hata hivyo, modeli ya namna hii inajua tu hewa iliyofundishwa. Kilima cha Makerere hupata upepo. Bwaise iko bondeni, mahali panapofurika, ambako baridi na moshi hutuama alfajiri. Modeli iliyofundwa kilimani ikishushwa bondeni inakutana na unyevunyevu na mchanganyiko wa moshi ambao huenda haukuwamo katika masomo yake. Ndiyo maana jaribio la haki ni kuficha wiki nzima, au msimu mzima, na kuitaka modeli iukisie. Ukificha saa moja moja kwa kubahatisha, saa jirani zinavujisha jibu na modeli inaonekana hodari kuliko ilivyo.

Nirudi kwenye vihisi viwili. Vumbi huganda kwenye feni, buibui hutaga ndani, leza huchakaa. Kihisi kimoja kikiharibika polepole, namba zake hubaki za kuaminika machoni. Viwili vikipishana, unajua siku hiyo hiyo kwamba kimojawapo ni kibovu, na data hiyo unaiweka kando.

Sasa lile vumbi jekundu lenyewe. Vumbi la barabara lina chembe nene, nyingi zikiwa juu ya mikroni 2.5. Chembe hizo ni chache kwa idadi, nzito kwa uzito, na PMS5003 huzinasa kwa nadra sana. Inachokiona vizuri ni chembe ndogo za mikroni moja na chini yake. Namba ya PM10 inayoitoa kwa sehemu kubwa ni makisio yaliyojengwa juu ya zile ndogo. Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe: gawa PM10 ya kihisi kwa PM2.5 yake, saa ya msongamano wa malori na saa ya utulivu. Uwiano utabaki karibu pale pale, ilhali mtambo unaopima PM10 kwa uzito utauona ukipanda. Usahihisho wa unyevunyevu hauwezi kurudisha kitu ambacho kihisi hakikukiona.

Kwa hiyo PM2.5 ya kila saa kutoka kifaa kama hiki, ikiwa imelinganishwa na BAM kwa misimu yote miwili, wa mvua na wa kiangazi, inafaa kumwongoza mkazi na halmashauri. PM10 yake kwenye barabara isiyo na lami isichapishwe kama kipimo cha vumbi. Na kulinganisha huko hakuwezi kutegemea mitambo ya wageni: Machi 2025 Marekani ilisitisha kusambaza data za hewa kutoka balozi zake duniani, Kampala ikiwamo. Miji yetu inunue BAM zake, iziweke bondeni na si kilimani tu, na kila anayechapisha namba iliyosahihishwa aweke kando yake namba ghafi na unyevunyevu wa saa ile, ili mwingine aweze kuirudia hesabu.