Minazi ya Nyakabiga iko wapi?

Kwa toleo hili vijana wametuletea maandishi kuhusu mitaa waliyotoka, na manne kati yake yanasema ni ya Nyakabiga, Bujumbura. Mimi nimezaliwa huko na nimekulia huko, kwa hiyo nimeyasoma kama mtu anayetafuta mlango wa kwao. Katika matatu sikuuona. Nitasema kwa nini, na wenyewe wasinikasirikie, maana tumeshaongea uso kwa uso.

Andiko la kwanza lina minazi, upepo wa bahari, mama amejifunga kanga mbili na mlango wa mbao uliochongwa maua. Vizuri sana, lakini hiyo ni Zanzibar! Sisi Warundi tuliokua na Kiswahili cha mjini tuna tatizo hili: picha ya "mji wa Waswahili" tumeipata kwenye filamu za Bongo, nyimbo na vitabu vya shule za Tanzania. Kijana akitaka kuandika vizuri kwa Kiswahili anakopa na mandhari pamoja na maneno. Wakati Bujumbura ina ziwa, haina bahari, na ukisimama Nyakabiga unachokiona juu ya mabati ni milima ya mashariki. Miti ya uani kwetu ilikuwa miembe na miparachichi. Na hata ndani ya mji huo mmoja, kanzu na baibui za siku ya Ijumaa ni picha ya Buyenzi zaidi kuliko ya kwetu.

Andiko la pili lina kosa lingine ambalo linanisumbua zaidi, kwa sababu halionekani haraka. Lina vumbi jekundu, vijumba vilivyopangwa safu, watoto peku, foleni ya maji. Nikamwuliza mwandishi: "Mdogo wangu, ulitoka na miaka mingapi?" Mitano. Basi alichoandika ni Nduta, hapa hapa tulipo, amekipa jina la Nyakabiga. Simlaumu hata kidogo. Kambi hii ilianza kutupokea Oktoba 2015, na kwa mtoto wa umri wake ndiyo mtaa pekee anaoujua kwa macho. Lakini wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili watambue kwamba lugha ya ripoti zao imeingia humo pia. "Makazi duni" na "mazingira magumu" ni maneno ambayo hayana dirisha wala bomba. Ukiyasoma hujui kama uko Bujumbura, Goma au Kibondo.

Andiko la tatu ndilo nililokaa nalo muda mrefu. Ni la dada mmoja, anaandika juu ya mama yake mwaka 2015. Lilianza na nyumba ndogo maskini katika mtaa wenye kelele, na mama akienda soko kuu alfajiri. Nikamwomba achore parseli yao chini, kwa kijiti.

Alichora mstatili. Upande wa avenyu akaweka geti la chuma na nyumba kubwa ya mwenye parseli. Nyuma yake akachora aneksi, vyumba vitano vimeshikana chini ya bati moja, kila chumba na familia yake au na wanafunzi wawili watatu, kwa sababu kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu iko jirani na wanafunzi hutafuta vyumba Nyakabiga. Choo kimoja nyuma kabisa. Bomba moja karibu na geti.

"Maji yalitoka saa ngapi?" nikauliza.

"Kaka, mchana hayakutoka. Usiku. Mama alikuwa anaamka kupanga mabidoni."

Hapo nikanyamaza, maana andiko lilikuwa limepatikana. Katika karatasi yake mama alikuwa "mvumilivu". Chini kwenye udongo alikuwa mtu anayeamka saa nane usiku, kambambili mkononi zisipige kelele, kitenge juu ya gauni, anapita mbele ya milango minne ya majirani ili bidoni lake liwe la kwanza bombani. Asubuhi anawasha makala kwenye mbabula nje ya mlango, na majirani nao wanawasha zao, ua mzima unajaa moshi. Msomaji akipata bomba hilo na milango hiyo, uvumilivu anauona mwenyewe.

Tukabaki na soko. Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013. Mwaka 2015 mama huyo hakuweza kwenda huko. Dada akafikiri, akakumbuka kwamba walikuwa wananunua Jabe, jirani tu. Mtu atasema jambo dogo hilo. Hapana, mtaa una tarehe. Vivyo hivyo pikipiki na baiskeli za abiria: katikati ya mji ziliondolewa kwa amri Machi 2022. Na vumbi lina mwezi wake. Juni hadi Agosti sawa, lakini Aprili kwetu ni mvua na matope, na hadithi nyingi za 2015 zinaanzia Aprili.

Mavazi pia aliyarekebisha. Alikuwa amemvika mama imvutano kila siku. Ile nguo ya kufunga begani ni ya harusi na mahari! Siku za kawaida ni kitenge, na vijana jinzi za mitumba. Imvutano akaiacha mara moja tu, kwenye harusi ya shangazi, na sasa inaonekana kweli.

Wengine wamenitajia Petit Pays ya Gaël Faye, kitabu cha 2016, kama mfano wa kuiandika Bujumbura. Ni mfano mzuri, lakini tazama anachofanya: anakaa kwenye kichochoro kimoja cha Kinanira, kartie ya nyumba zenye bustani, na haendi kudai kwamba huo ndio mji wote. Ukichukua bustani zile ukazileta Nyakabiga umerudi kwenye minazi. Filamu yake ya 2020, kwa njia, ilipigwa Rwanda.

Sasa kuna mpaka, na hapa kwetu mpaka huo si wa uandishi tu. Dada aliniandikia tena akaweka kila kitu: namba ya avenyu, rangi ya geti, kazi ya mwenye parseli, jina la kabare ya jirani. Nilimwomba aondoe vitu vinne hivyo. Bomba linamwonyesha msomaji maisha, lakini namba ya avenyu pamoja na rangi ya geti vinamwonyesha mtu yeyote nyumba, na ndani yake kuna ndugu waliobaki. Kwenye usaili wa ukimbizi ni kinyume: afisa atakuuliza avenyu ipi, shule ipi ilikuwa karibu, ulivuka wapi kwenda sokoni, na ukijibu "mtaa wa kawaida tu" anaweza kuona hujui unakosema unatoka. Humo sema yote. Kwenye jarida, bakiza bomba, ondoa geti.

Kosa la mwisho la dada ni kwamba sasa alipenda vitu kupita kiasi. Ukurasa wa pili umekuwa kama orodha ya dukani: sufuria, ndoo, redio, mkeka. Nilimwuliza kila kimoja nani anakigusa. Kisichoguswa na mtu kikatoka, redio ikabaki, kwa sababu baba alikuwa anapunguza sauti yake kila habari zikianza.

Andiko la nne, la kijana aliyeandika juu ya mto Ntahangwa, halina la kurekebisha sana. Anaeleza ukingo unavyomeguka usiku wa mvua, sauti kama gunia linalotupwa, na asubuhi jirani anasogeza jiko lake hatua tatu kuelekea nyumbani. Wiki iliyofuata anasogeza tena mbili. Namwomba aongeze mwezi tu.