Jaketi 42, abiria 29: namna ya kukagua boti kabla ya kuondoka Juba

Boti za abiria zinazoteremka na Mto Nile kutoka Juba kwenda Terekeka na Bor hazipakii mbali na Malakia na soko la Konyokonyo. Mzigo huingia kwanza: magunia ya unga, mafuta ya kupikia, sukari, madumu ya petroli. Watu hufuata na kukaa palipobaki. Ukimuuliza nahodha kuhusu vifaa vya usalama, atakutajia idadi: jaketi kadhaa, mitungi miwili ya kuzimia moto, fataki za dharura, sanduku la huduma ya kwanza. Idadi hiyo pekee haitoshi. Orodha ya vifaa ikihesabiwa sawasawa humalizika kwa tarakimu moja tu, yaani watu wangapi wanaweza kupanda leo, na tarakimu hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko idadi ya viti.

Tuchukue boti moja ya mfano na tuikague. Ina viti 36 na wafanyakazi watatu: nahodha, msaidizi wake na fundi wa mashine. Jumla ni watu 39. Stoo ina jaketi 42 za kuokoa maisha, kwa hiyo mwenye boti anaona amevuka lengo. Kabla ya kumkubalia, chora karatasi yenye safu tatu. Ya kwanza ni ya vilivyopo, ya pili ni ya vinavyofaa, na ya tatu ni ya vinavyofikika. Kila kifaa kipite safu zote tatu.

Jaketi: zigawe kwanza, ndipo uzihesabu

Kosa la kwanza ni kuzihesabu jaketi zote pamoja. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kama SOLAS, uliandikwa kwa ajili ya meli za safari za kimataifa na haukulenga boti za mtoni, lakini vipimo vyake ni msaada mzuri hata hapa. Unazigawa jaketi kwa mwili wa mvaaji. Mtoto mchanga ni yule wa chini ya kilo 15, mtoto ni wa kilo 15 hadi 43, na aliyezidi hapo ni mtu mzima. Mtoto wa miaka mitano akivalishwa jaketi la baba yake, maji yatalipandisha jaketi hadi usoni na yeye atachomoka kwa chini.

Mkataba huo unadai kila aliyemo chomboni awe na jaketi lake. Kwa watoto, unadai jaketi zao zifike walau asilimia 10 ya abiria, na kwa watoto wachanga asilimia 2.5. Kwa abiria 36, hesabu hiyo inatoa jaketi nne za watoto na moja la mtoto mchanga. Hapo wengi huishia, ilhali kanuni inaendelea: kama watoto waliopanda ni wengi kuliko asilimia hiyo, jaketi ziongezwe mpaka kila mtoto apate lake. Boti inayorudisha familia kijijini haijali asilimia. Huenda ikawa na watoto tisa.

Stoo ya boti yetu ina jaketi 34 za watu wazima na nane za watoto. Za watoto wachanga hakuna. Sasa tuingie safu ya pili na kuzishika moja baada ya nyingine. Vuta kila mkanda kwa nguvu, funga na fungua kila kifungo, tazama mishono ya mabegani. Jua la Juba huudhoofisha uzi kabla halijaharibu kitambaa, hivyo jaketi linaweza kung'aa na bado likachanika mtu anapovutwa nalo. Kisha libonyeze sponji. Likibaki na shimo bila kurudi, limekufa. Hakikisha pia kuna filimbi, na kama boti husafiri gizani, taa.

Jaketi jipya nalo si la kuaminiwa kwa sura. Mnamo Januari 2016 polisi wa Uturuki walikamata jaketi bandia zaidi ya 1,200 mjini Izmir. Ndani zilijazwa sponji ya kufungashia bidhaa, ambayo hunyonya maji badala ya kuelea. Kipimo kiko hapo hapo kwenye maji. Chukua jaketi moja kutoka kila fungu lililonunuliwa pamoja, lifunge vyuma mpaka lielee kwa shida, kisha uliache majini hadi kesho saa ile ile. Jaketi lililoidhinishwa halipaswi kupoteza zaidi ya asilimia tano ya nguvu yake ya kuelea baada ya saa 24 katika maji baridi. Likizama pamoja na vyuma, fungu zima halifai.

Katika boti yetu, jaketi tatu za watu wazima zina mikanda iliyokatika, mbili zina sponji iliyokufa, na moja la mtoto halina kifungo. Zimebaki 29 za watu wazima na saba za watoto. Jumla ni 36, si 42 tena.

Safu ya tatu ndiyo inayosahauliwa

Jaketi zima lililofungiwa ndani ya gunia chini ya mzigo halipo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara, nchini Tanzania. Kilijengwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Kilipinduka nchi kavu ikionekana. Chombo kinapolala ubavu namna hiyo, hakuna anayepata nafasi ya kwenda stoo, kufungua kamba na kugawa jaketi.

Kwa sababu hiyo, kwenye boti ya wazi ya mtoni, jaketi linalofikika ni lile lililokwisha kuvaliwa kabla kamba ya gati haijafunguliwa. Likiwa chini ya kiti cha mwenyewe, bila kamba na bila gunia juu yake, ni nusu ya kazi. Katika mfano wetu jaketi sita za watu wazima ziko mbele, chini ya magunia ya sukari. Zisipotolewa, safu ya tatu inasoma 23. Tuseme mzigo umesogezwa na zimetolewa, kwa hiyo tunabaki na 29.

Moto, fataki na dawa

Mashine za petroli zinahitaji mtungi wa unga mkavu au wa povu. Maji huisambaza petroli inayowaka. Mshale wa geji ukiwa kwenye kijani unakuambia presha ipo, haukuambii kama unga utatoka. Mtikisiko wa mashine hushindilia unga chini mpaka ugande. Upindue mtungi juu chini, uweke sikio na uusikilize unga ukimwagika ndani. Usiposikia kitu, peleka kwa fundi. Tazama pia kama pini ipo, kama lakiri haijavunjwa na kama mpira hauna ufa. Mtungi wa gesi ya kaboni kwa kawaida hauna geji, basi upimwe kwa mizani. Ukiwa umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya gesi yake, urudishwe kujazwa.

Kisha mahali. Mitungi yote miwili ikiwa nyuma, kando ya mashine na madumu, safu ya tatu inasoma sifuri, kwa sababu atakayeihitaji atalazimika kupita kwenye moto kuifuata. Mmoja ukae karibu na nahodha, wa pili mbele.

Fataki za dharura zinahesabiwa kwa tarehe kabla ya idadi. Kwa kawaida muda wake ni kama miaka mitatu tangu kutengenezwa, na tarehe imepigwa chapa kwenye bomba lenyewe. Iliyopita tarehe isihesabiwe, wala isichanganywe na nzima, maana usiku hakuna atakayesoma maandishi. Ile ya mkononi huwaka dakika moja, na hushikwa nje ya ukingo, upande upepo unakoelekea, mbali na petroli. Moshi wa rangi ya chungwa ni wa mchana. Roketi ya parachuti hupanda mita 300 na kuwaka kwa sekunde 40.

Hapa mtoni roketi ina mipaka miwili. Inaweza kushuka ingali inawaka juu ya majani makavu au paa la nyasi. Zaidi ya hapo, mji uliopigana Desemba 2013 na Julai 2016 hautafsiri mwanga unaopanda angani usiku kuwa ni boti inayozama. Katika njia hii ya mto, moshi na fataki za mkononi zina faida kuliko roketi, na kila karatasi ya ukaguzi iwe na mstari wa watu waliokwisha kuelezwa maana ya ishara hizo: walinzi wa gati, boti nyingine, na mtu wa kupigiwa simu kule boti inakokwenda.

Sanduku la huduma ya kwanza lisihesabiwe kwa wingi wa vidonge. Lipangwe kwa mambo yanayotokea kwenye boti: kukatwa na bati au pangaboi, kuungua, na mtu kutolewa majini akiwa hapumui. Basi tafuta glovu, bandeji pana za kukandamiza jeraha, shashi safi, bandeji za pembetatu, mkasi na kifuniko cha mdomo cha kumpulizia hewa mtu. Ongeza chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, kwa kuwa safari ni ya jua kali. Soma tarehe za pakiti, na sanduku lenyewe liwe halipitishi maji. Bandeji iliyolowa maji ya mto iandikwe haipo.

Tarakimu ya mwisho

Sasa hesabu watu, si viti. Waliokata tiketi ni watu wazima 25, watoto tisa na watoto wachanga wawili. Ukiongeza wafanyakazi watatu, watu wazima ni 28, na jaketi zao ni 29. Hapo pametosha. Watoto ni tisa na jaketi zao ni saba. Watoto wachanga ni wawili na jaketi lao hakuna. Lile moja la mtu mzima lililozidi haliwasaidii.

Wanaokosa ni wanne, lakini mtoto hashuki peke yake. Watoto wachanga wawili wanashuka na mama zao, hao ni wanne. Watoto wawili waliokosa ni ndugu na wanasafiri na baba yao, hao ni watatu. Abiria saba wanabaki gatini, isipokuwa jaketi ndogo nne zilizokaguliwa zikipatikana kabla ya safari. Stoo ilikuwa na jaketi 42 kwa watu 39, na bado boti inaondoka na abiria 29.

Hesabu hii ina mpaka wake. Haisemi kama boti imezidiwa uzito, na hakuna jaketi linalorekebisha hilo. Tena inahitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana gatini. Januari 2014, watu waliokuwa wakikimbia vita Malakal walijazana kwenye kivuko kilichozama katika Nile Nyeupe, na waliokufa walikadiriwa kuwa 200 au zaidi. Katika siku kama ile hakuna anayechora safu tatu.

Siku ya kawaida haina udhuru huo. Mwenye boti aikamilishe karatasi yake asubuhi, kabla ya kuuza tiketi ya kwanza, na tiketi za watoto ziishe pale jaketi za watoto zinapoisha. Nawe abiria, kabla hujalipa, usiulize boti ina jaketi ngapi. Omba la kwako na la mwanao, mzivae hapo hapo gatini.