Barua ya kuaga wodi

Muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali binafsi Tanzania, akiwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya ukunga, anastahili pongezi akiandika barua ya kuacha kazi yenye tarehe zinazoeleweka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mtumishi anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, wala siku hizo zisiende sambamba na likizo. Tuseme barua inapokelewa tarehe 1 Septemba. Muuguzi makini haandiki tu “baada ya mwezi mmoja”, anaandika: “Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa 30 Septemba.” Kwa tarehe hiyo, msimamizi wa wodi anaweza kupanga zamu za usiku na kumtafuta mrithi mapema.

Shukrani nazo zina uzito zikitaja jambo: “Namshukuru mkunga mkuu aliyenifundisha kumhudumia mama anayetokwa damu baada ya kujifungua.” Huo ni uungwana wa kweli.

Kabla ya kuondoka, akabidhi kwa maandishi funguo za kabati la dawa, na abaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.