Juu ya Kumwamkia kwa Barua Mtu Tusiyemjua

Mwalimu anayeandika barua huanza kwa kuamkia, na humaliza kwa kuaga. Mambo hayo mawili ni mepesi ajuapo anamwandikia nani. Lakini mara nyingi hapa Ufipa twaandikia watu tusiowaona kamwe: mkuu wa shule iliyoko bondeni Rukwa, katekista wa kigango cha mbali, mganga wa zahanati ya kando ya ziwa. Pengine tunalo jina tu, pengine hata jina hatuna. Hatujui kama ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, mlei au mtu wa daraja. Basi tumeona vema kuzichunguza namna za kuamkia zinazotumika sasa, tuone ipi yasimama na ipi yaanguka.

Tutaanza kwa kosa letu wenyewe. Mtoto mmoja alihamia kwetu kutoka shule ya kando ya Ziwa Tanganyika, akaja bila hati yake ya uhamisho. Tulimwandikia aliyekuwa mkuu wa shule ile; tulijua herufi mbili za kwanza za jina lake, na jina la ukoo. Tukaandika, “Bwana Mpendwa, Shikamoo.” Barua ikakaa majuma matano, kisha ikarudi ikiwa na maneno machache pembeni: “Hapa hakuna bwana wa jina hili.” Aliyeipokea alikuwa binti wa miaka isiyofika thelathini, naye alikuwa na haki ya kudhani kwamba barua ile si yake. Siku hizo zote mtoto aliketi darasani bila kuandikwa katika daftari ya shule. Kosa lilikuwa katika maneno matatu, nayo yote matatu tuliyaweka bila kulazimishwa na mtu.

Twasema bila kulazimishwa, kwa kuwa Kiswahili chenyewe hakitudai habari hiyo. “Yeye” ni mwanamume, tena ni mwanamke. “Amefika” na “barua yake” ni vivyo hivyo. Majina ya kazi nayo hayabagui: mwalimu, katibu, mwenyekiti, mganga, mkurugenzi. Mtu aweza kuandika kurasa kumi juu ya mwenzake asiseme kama ni mume au mke, wala asionekane anaficha neno. Basi shida yote imekusanyika mahali pamoja, yaani katika lile neno la heshima tunalolitia juu ya barua. Tukiliondoa au tukilichagua vema, shida imekwisha.

Tulitazame kwanza lile “Bwana/Bibi” lenye mkwaju katikati, ambalo wanafunzi wengi hufundishwa. Hili si neno la kinywa cha mtu, hakuna anayebisha hodi akisema “Bwana mkwaju Bibi.” Tena lina kasoro ya pili, iliyo kubwa zaidi huku bara. Pwani, bibi ni mwanamke mwenye heshima; huku kwetu, asikiaye “bibi” humwona nyanya yake kando ya moto. Mwalimu wa kike aliyetoka chuoni juzi akiitwa Bibi, hucheka au hununa. “Mama” nalo ni neno zuri, lakini lamhesabia mtu umri na watoto ambao pengine hana. Na “Mpendwa” lafaa kwa rafiki au kwa waamini mbele ya mhubiri. Kwa mtu tusiyemjua, anayeombwa hati ya uhamisho, ni upendo usio na mahali pa kukaa.

La pili ni “Shikamoo.” Neno hili lina mwendo wa upande mmoja: mdogo humwambia mkubwa, na mkubwa huitikia “Marahaba.” Tukikutana njiani, macho hutuambia nani aanze; tukikosea, tunacheka, tunageuza. Katika karatasi hakuna macho, wala hakuna kugeuza. Mzee akimwandikia kijana “Shikamoo,” amemwaibisha kijana, kwa kuwa hawezi kuandika “Marahaba” kwa aliye sawa na baba yake. Tena barua yaweza kusomwa na watu watatu wa rika tatu kabla haijajibiwa. Kwa hiyo twasema: Shikamoo iandikwe tu pale tunapojua kwa yakini kwamba tunayemwandikia ni mkubwa wetu. Pasipo yakini, litumike neno lisilo na ngazi, nalo ni “Salaam.” Salaam hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, wala halimshushi mtu.

Wengine watauliza, je, wazee wa pwani hawakutuachia mfano? Wametuachia. Askofu Steere alitia mifano ya barua katika kitabu chake cha lugha cha 1870, na Büttner alikusanya barua nyingi za herufi za Kiarabu akazipiga chapa Ujerumani mwaka 1892. Lakini barua za namna ile zaanza kwa kumtaja mtu kwa jina lake na kumpamba kwa sifa: sheikh, mpenzi, ndugu, mwenye heshima. Mapambo hayo yote yadai kwamba mwandishi amjua sana aandikiwaye. Kwa mtu asiyejulikana hayatufai, isipokuwa jambo moja: salaam hutangulia, ndipo habari ifuate. Hilo tulichukue.

La tatu ni “Ndugu.” Baada ya Azimio la Arusha la 1967 neno hili lilienea Tanzania kuwa jina la kumwitia kila mtu, mkubwa kwa mdogo, mume kwa mke, na katika barua za ofisi bado lipo, mara nyingi kwa kifupi “Ndg.” Uzuri wake ni kwamba lilikuwa tayari katika lugha, na tangu zamani ndugu ni wa kiume na wa kike pia. Twalisifu, wala hatusemi liachwe. Ila lina mipaka miwili. Kwanza, lasawazisha watu. Askofu au mzee wa miaka themanini akiitwa Ndugu na mtu asiyemjua, aweza kuona ubaridi. Pili, nje ya nchi yetu halisikiki vivyo hivyo. Mkenya huelekea kufikiri mwanamume.

Yuko atakayesema, “Mimi nitalisoma jina, litaniambia.” Katika nchi yetu ya mipaka neno hilo lina ukweli nusu. Majirani zetu Wanyamwanga hutofautisha majina ya koo kwa kiungo cha mwanzo: mwanamume ni Silwamba, na mwanamke wa ukoo uleule ni Nalwamba. Ajuaye desturi hii akiona Na- mwanzoni mwa jina la ukoo huo, ana sababu ya kudhani ni mwanamke. Lakini akiona Si-, asikimbilie neno. Siku hizi binti huandikishwa shuleni kwa jina la baba yake kama lilivyo, na mke huchukua la mumewe. Basi Si- yaweza kuwa ya yeyote. Hata majina ya ubatizo si salama yanapofupishwa: herufi F. ni Fransisko na ni Fransiska. Jina hutupa dhana tu, na dhana haitoshi kuandikwa juu ya barua.

Basi tufanyeje? Sisi twaona njia iliyo bora ni kuiandikia kazi wala si mtu. Barua za serikali zimefanya hivyo siku nyingi, nazo katika hili zimefanya vema. Anwani hutaja cheo, kichwa cha habari hufuata baada ya “YAH:”, yaani yahusu, kisha habari. Kama tungeandika hivyo mara ya kwanza, barua yetu ingekuwa hivi:

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi (jina lake),
S.L.P. (namba yake).

YAH: HATI YA UHAMISHO WA MWANAFUNZI

Salaam. Mwanafunzi aliyetajwa hapa chini amefika shuleni kwetu bila hati yake. Tunaomba ofisi yako itusaidie kuipata, ili aandikwe katika daftari kabla ya mwisho wa mwezi.

Atazame msomaji: hapana bwana, hapana bibi, hapana shikamoo, wala hakuna anayeweza kusema amedharauliwa. “Ofisi yako” huchukua mzigo wa heshima, kwa kuwa aombwaye ni ofisi, naye mtu hukaa nyuma yake kwa utulivu. Jambo moja tu lahitaji uangalifu, nalo ni kukitaja cheo sawasawa: wa shule ya msingi ni Mwalimu Mkuu, wa sekondari ni Mkuu wa Shule, wa zahanati ni Mganga Mfawidhi, wa parokia ni Paroko. Vyeo hivi huulizwa kwa urahisi kuliko umri wa mtu. Na ikiwa hatujui hata cheo, tuandike “Kwa Mhusika,” kisha kichwa cha habari kieleze wazi, ili anayeifungua ajue ampe nani.

Kwa makanisa liko neno la kuongeza. Wakatoliki huanza “Tumsifu Yesu Kristo,” na wengine “Bwana Yesu asifiwe.” Kila moja la maneno hayo hutaja nyumba ya asemaye na humdhania asikiaye kuwa wa nyumba hiyo. Sumbawanga wako Wakatoliki, wako Wamoravian, wako Waislamu. Na mganga wa zahanati aweza kuwa yeyote kati yao. Ikiwa barua yaenda parokiani, salamu ya kanisa ni haki yake. Ikiwa yaenda kwa mtu asiyejulikana, “Salaam” yatosha.

Mwisho wa barua hufuata kanuni ileile. “Wako mtiifu” humweka mwandishi chini, hata kama ndiye mkubwa. “Mwanao” na “mdogo wako” ni Shikamoo iliyorudi kwa mlango wa nyuma. “Wako katika ujenzi wa Taifa” halimpimi mtu umri wala jinsi, na ndani ya nchi lafaa. Lakini barua ikivuka mpaka kwenda Mbala au Kalemie, taifa linalojengwa ni lipi? Kwa hizo twapendelea “Wasalaam,” au “Tunatanguliza shukrani,” kisha sahihi.

Na sahihi ndiyo mahali pa kumhurumia mwenzetu. Tukitia herufi mbili na jina la ukoo, tumempa taabu ileile tuliyoipata sisi. Tuandike jina kamili, na chini yake kazi yetu, na kama twapenda kuitwa Sista au Mwalimu au Mchungaji, tuliandike neno hilo wenyewe. Naye akijibu, tutazame alivyojiandika, na barua ya pili tumwite vivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Yule mwalimu wa kando ya ziwa tulimwandikia tena, safari hii kwa cheo chake. Hati ilifika siku ya kumi na mbili. Chini ya jina lake kamili alikuwa ameandika, “Mwalimu Mkuu,” akapiga mstari chini ya neno Mwalimu. Tangu hapo ndivyo tumwitavyo.