Fyuzi tatu, jina moja: paneli ya pampu iliyosumbua Makumira

Shamba lenyewe liko Makumira, upande wa kuelekea Usa River, na linamwagilia maua na mboga kwa matone. Pampu inavuta maji kutoka kisimani na kuyapandisha kwenye tangi, na kuanzia saa nne asubuhi mimea ndani ya vitalu nyumba haiwezi kukaa bila maji. Kwa wiki kadhaa pampu hiyo ilikuwa ikisimama ghafla, na kila ilipofunguliwa paneli jibu lilikuwa lilelile: fyuzi ya transfoma imekata.

Nilipoitwa, matibabu mengi yalikuwa yameshatolewa. Koili ya kontakta ya delta ilikuwa mpya. Transfoma nayo ilikuwa mpya. Upande wa volti 24, fyuzi ya ampea 6 ilikuwa imeondolewa na mahali pake kuwekwa ya ampea 10, na bado ilikata. Vipuri vilibadilishwa kwa kubahatisha, kwa sababu hakuna aliyejibu swali la kwanza kabisa: ni fyuzi ipi?

Paneli ya namna hii ina fyuzi tatu ambazo mafundi wote huziita "fyuzi ya transfoma". Mbili ziko upande wa volti 400, moja kwa kila fezi inayoingia. Ya tatu iko upande wa volti 24, ikilinda koili za kontakta, taa za mlangoni na waya unaokwenda kwenye floti ya tangi. Fyuzi ya upande wa 400 na ile ya upande wa 24 hazifi kwa sababu moja. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi nilikaa na mhudumu wa pampu, kijana anayeishi na mashine ile kutwa, nikamwomba anisimulie kila mara ilivyotokea.

"Siku nyingine inakata umeme ukirudi tu, fundi, hata sijabonyeza kijani," alisema. "Siku nyingine pampu inawaka vizuri, ikifika kubadilisha, inalia mara moja na kuzima."

Hapo nilijua tuna magonjwa mawili. Umeme ukirudi kabla ya kitufe kubonyezwa, hakuna koili yoyote iliyo kazini. Kinachopata umeme ni transfoma na taa moja ya kijani. Na pale "inapobadilisha", yaani mota inapotoka sta kwenda delta, transfoma imeshatulia kitambo. Tulifungua kopo la fyuzi mbovu ambalo kijana alikuwa amelitunza, na maelezo yake yakathibitika: kulikuwa na mchanganyiko wa fyuzi ndogo za kioo kutoka upande wa 400 na zile za kaure kutoka upande wa 24.

Tuanze na 400. Transfoma hii ni ya 160 VA. Gawa kwa 400 unapata ampea 0.4, huo ndio mkondo wake wa kawaida ikibebeshwa mzigo wote. Lakini sekunde ileile inapowashwa haifuati hesabu hiyo. Chuma chake kinabaki na sumaku kidogo kutoka mara ya mwisho kilipozimwa, na kama volti inaingia ikiwa karibu na sifuri kwenye wimbi lake, chuma kinajaa sumaku kupita kiasi na koili inabaki kama waya mtupu kwa muda mfupi sana. Mkondo unaweza kupanda mara 20 ya kawaida, yaani kama ampea 8, kwa milisekunde 10 hivi, kisha ukashuka. Mzigo wa upande wa 24 hauhusiki. Hata transfoma isiyounganishwa na kitu hufanya hivyo.

Ndiyo maana inrashi, kama mafundi tunavyouita mkondo huo, haina utaratibu. Inategemea umeme umeingia wakati gani wa wimbi. Mara tano hakuna kitu, mara ya sita fyuzi imekwenda. Transfoma yenye shoti ndani haina bahati ya namna hiyo: itakata kila ukiwasha, au itapata moto na kunguruma hata ikiwa haina mzigo.

Kutofautisha inrashi na shoti ya ndani ni kazi ndogo. Nilizima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli, nikapima kuhakikisha hakuna volti, nikachomoa nyaya zote mbili za upande wa 24 ili transfoma ibaki peke yake. Nikaweka fyuzi sahihi upande wa 400, nikafunga mlango, nikawasha na kuzima mara nyingi, nikisubiri kidogo kila mara. Fyuzi hazikukata. Baada ya nusu saa transfoma ilikuwa na uvuguvugu tu. Transfoma ni nzima, na ile ya zamani iliyotupwa huenda nayo ilikuwa nzima.

Kilichokuwa kibaya ni fyuzi zenyewe. Zile za kioo zilikuwa na alama F 1 A, yaani za kukata haraka. Kwa ampea 8, fyuzi ya namna hiyo iko ukingoni: pengine inapona, pengine inakata, na kila inapopona waya wake mwembamba unazidi kuchoka. Jambo la hatari zaidi liliandikwa kwenye kofia yake: 250 V. Fyuzi ya kioo ya volti 250 haina haki ya kukaa kati ya fezi mbili zenye volti 400, kwa sababu ikikata shoti kubwa cheche inaweza kuendelea ndani yake hadi kioo kipasuke. Tuliweka za kaure za milimita 10 kwa 38, aina ya aM ya ampea 1, zenye uwezo wa volti 500. Aina ya aM huvumilia mshtuko wa mwanzo na kukata kwenye shoti; kazi ya kulinda transfoma isizidiwe mzigo inabaki kwa fyuzi ya upande wa 24. Ndiyo sababu fyuzi ile ya ampea 10 ilinikera. Ampea 10 kwa volti 24 ni 240 VA, na fyuzi ya gG hubeba kiwango chake bila kukata. Transfoma ya 160 VA ingepikwa polepole huku fyuzi ikiiangalia. Ilirudishwa ya ampea 6.

Sasa upande wa 24, ambako koili ya delta ilikuwa imeshahukumiwa. Mashtaka yalionekana mazito: fyuzi inakata wakati uleule delta inapoingia. Fundi aliyetangulia alipima koili ya zamani akapata ohm 6, akagawa 24 kwa 6 akapata ampea 4, akasema ina shoti. Kwa umeme wa AC hesabu hiyo haifanyi kazi. Koili ya kontakta ndogo ya volti 24 ina ohm kama sita ikiwa nzima kabisa. Ikishavuta na chuma kikafunga, inatumia 7 VA tu, yaani ampea 0.3. Wakati wa kuvuta, chuma kikiwa bado wazi, inadai kama 70 VA, karibu ampea 3, kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kontakta ikikwama bila kufunga, kwa mfano kwa vumbi laini la majivu ya Meru linaloingia kila paneli isiyozibwa huku kwetu, ampea 3 hizo zinaendelea na koili inaungua. Shoti ya mizunguko ya koili inaonekana kwa kulinganisha: pima kontakta tatu za aina moja. Moja ikisoma ohm 4 wakati wenzake wanasoma 6, na ganda lake limebadilika rangi, hiyo ndiyo mgonjwa. Zetu tatu zilisoma karibu sawa, na ile ya zamani iliyokuwa kwenye kopo ilisoma hivyohivyo.

Kipimo kilichoamua kilikuwa kingine. Katika paneli hii transfoma inachukua umeme kabla ya breka ya mota. Kwa hiyo nilizima breka ya mota na kuifunga, nikaacha upande wa 24 ukiwa hai, nikabonyeza kijani. Kontakta kuu na sta ziliingia, taima ikahesabu, sta ikaachia, delta ikaingia. Nikarudia tena na tena. Fyuzi haikukata hata mara moja. Koili ileile, kwa wakati uleule, inafanya kazi ileile, lakini mota haipo. Basi kosa si la koili. Ni la kitu ambacho mota inakifanya wakati wa kubadilisha.

Na mota inafanya nini? Inaruka. Mkondo wa kuhamia delta unaipa mota teke, bomba linatikisika, na paneli hii ilikuwa imefungwa kwenye fremu moja na pampu. Mahali fulani waya ulikuwa unasubiri teke hilo.

Kuutafuta waya unaogusa kwa sekunde moja huku ukichoma fyuzi kila mara ni gharama. Nilimtuma kijana Usa River kwenye duka la spea za malori akaleta balbu ya taa kubwa ya lori, volti 24, wati 70. Nilitoa fyuzi ya upande wa 24 nikaunganisha balbu mahali pake. (Hii ni kwa volti 24 peke yake, upande wa 400 usijaribu.) Balbu hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 3 ikiwa imewaka, kwa hiyo shoti haiunguzi kitu, inawasha taa tu. Kontakta ikivuta, balbu inamulika mara moja na kufifia. Ikibaki inawaka kikamilifu, kuna shoti.

Breka ya mota ikiwa bado imezimwa na kufungwa, nilianza kutikisa vifungu vya nyaya kimoja kimoja kwa kijiti kikavu. Mlango: hakuna. Trankingi ya ndani: hakuna. Kebo ya floti, pale inapoingia kwenye tumbo la paneli: balbu ikawaka nyeupe, kontakta zikaachia zote.

Tundu la kuingizia lilikuwa limetobolewa na kuachwa bila gilandi. Ukingo wa bati ulikuwa umekata ganda la nje na kufikia waya mmoja, shaba ikionekana upana wa ukucha, na kwenye bati kulikuwa na alama nyeusi za cheche. Waya wa sifuri wa upande wa 24 umeunganishwa na ethi, njia ambayo kiwango cha IEC 60204-1 kinaikubali, kwa hiyo kugusa bati ni shoti kamili. Ni vizuri ilikuwa hivyo. Bila kiungo hicho mgusano wa kwanza ungepita kimya, na wa pili ungeweza kuwasha pampu bila mtu kubonyeza.

Tulikata sehemu iliyoumia, tukaweka gilandi, na kebo ikapata mkunjo wa kulegea ili teke lisiivute. Kisha nilichomoa kebo pande zote mbili na kuipima kwa megga ya volti 250, isije volti hiyo ikaua taima. Ilisoma megaohm nyingi, na haikushuka nilipoitikisa wala kijana alipomwagia maji upande wa tangi. Megga peke yake kabla ya hapo ingeweza kutudanganya: waya ukiwa haujagusa bati, ungesoma mzima.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kebo hiyo. Tangi liko mita 60 kutoka paneli. Waya wa milimita 1 ya mraba, kwenda na kurudi, una ohm 2 na kitu. Shoti ikitokea kule tangini, mkondo utakuwa ampea 11 tu, na fyuzi ya gG ya ampea 6 inaweza kuuvumilia muda mrefu sana huku transfoma ikiungua. Shoti yetu ilikuwa palepale kebo inapoingia kwenye paneli, ndiyo maana fyuzi ilikata papo hapo. Floti inaendesha rilei ndogo isiyotumia hata ampea 0.2, kwa hiyo tuliipa kebo ya tangi fyuzi yake ya ampea 1. Sasa shoti ya tangini itakata hiyo ndogo, na mhudumu atajua aanzie wapi kutafuta. Ndani ya mlango tumebandika karatasi yenye aina na ampea ya kila fyuzi, na nafasi ya kuandika ni ipi iliyokata na pampu ilikuwa inafanya nini wakati huo.