Swali Moja, Vyanzo Viwili: Somo la Majimaji

Swali "Kwa nini Majimaji ilizuka?" huzaa orodha ya kukariri. Swali finyu zaidi hufaa: je, Wamatumbi waliong'oa pamba Julai 1905 walisukumwa na kilimo cha shuruti au na imani ya maji? Gavana Götzen, katika kitabu chake cha 1909, alisisitiza waganga. Alikuwa na utawala wa kuutetea. Wazee waliohojiwa na wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 walikumbuka pamba na viboko, ila walisema baada ya uhuru. Somo huharibika mwanafunzi anapomwita shahidi mmoja mwongo na kumnukuu mwingine pekee. Jibu zito hupima kwanza nafasi ya kila msemaji, kisha huonyesha kuwa maji yaliwaunganisha watu ambao pamba ilikwisha kuwaudhi.