Sekunde Thelathini Ni Mita Ngapi?

Kila msimu wa marathoni hakosekani mtangazaji anayemwagiwa sifa kwa kupaza sauti kwamba pengo linayeyuka, eti kwa kuwa wakimbiaji wawili wameonekana kukaribiana kilimani. Inaudhi, maana mara nyingi hakuna kilichoyeyuka. Aliyekuwa nyuma kwa sekunde 30 bado yuko nyuma kwa sekunde 30.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: kasi kwa sekunde, mara 30. Anayekwenda dakika 5 kwa kilomita ana pengo la mita 100 kamili. Kwa dakika 3 ni mita 167. Kelvin Kiptum alipomaliza Chicago kwa 2:00:35 mwaka 2023, wastani wake ulikuwa takriban mita 5.83 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 30 zake zilikuwa mita 175.

Mtangazaji wa kweli hutambulika kilimani. Chukua vilima vya Newton, kule Boston, baada ya kilomita ya 25. Tuseme wawili wanakuja kwa dakika 3 kwa kilomita, na mlima unawashusha hadi 3:45. Kiongozi anaanza kupanda, lakini mwenzake, mita 167 nyuma, bado yuko kwenye tambarare na kasi yake yote. Kila sekunde anapunguza zaidi ya mita moja. Anapofika naye chini ya kilima, sekunde 30 baadaye, zimebaki mita 133. Mashabiki wanashangilia, na mtangazaji dhaifu anatangaza kwamba kiongozi amechoka. Kileleni mambo yanageuka: kiongozi anatangulia kushika kasi, na mita zile 34 zinarudi. Kwa saa, hakuna aliyempunguzia mwenzake hata sekunde moja.

Kamera ya mbele huongeza uongo. Lenzi ya kuvuta mbali huwabananisha wakimbiaji hadi mita 150 zionekane kama 20, na wapo wanaosoma mita kwenye picha hiyo bila aibu.

Wakongwe wa redio hawakuwa na picha ya kuwadanganya. Walichagua nguzo ya taa, wakabonyeza stopwochi kiongozi alipoipita, wakaisimamisha mfukuzaji alipofika. Walirudia kwenye nguzo nyingine kilomita moja mbele, ndipo wakasema. Hakuna njia safi kuliko hiyo, na utangazaji haujapata tena utulivu ule.

Mahesabu ya kukamata nayo hupimwa kwa saa. Sekunde 30 kwenye kilomita ya 35 zinamtaka mfukuzaji awe na kasi zaidi ya kiongozi kwa sekunde nne na ushee katika kila kilomita hadi utepe. Asipofanya hivyo kilomita mbili mfululizo, huyo hamkamati mtu.

Mtangazaji asiye na stopwochi mkononi aache kutaja mita.